Filamu ya Jumamosi kwa Babu

*JUMATANO*

*Shangazi Pamela, 19:02:* Wapendwa hamjambo. Jumamosi saa kumi jioni tuko kwa Baba hapa Mamboleo, tunakula halafu tunaangalia filamu pamoja WOTE. Nimesema wote. Watu wa Nakuru tokeni mapema. Semeni nani analeta nini

*Shangazi Pamela, 19:48:* Watu 19 mmesoma na hakuna amejibu

*Brayo, 19:51:* Shangazi mi niko na fleshi ina filamu moja ya Kikorea kali sana, na iko na sabtaito za Kiingereza kwa hivyo Achi yuko sawa, hiyo mambo imeisha

*Mwalimu Ouma, 20:03:* Brayo umefanya vizuri kumkumbuka Achi. Sasa Babu je? Watu wanaongea Kikorea, tafsiri iko kwa kioo, na Babu haoni kioo. Atasikiza Kikorea masaa mawili. Yeye anahitaji filamu yenye maelezo ya sauti

*Brayo, 20:04:* ai kweli. nitakaa kando yake nimsomee

*Mama Tevin, 20:06:* Kama vile mlimsomea ile Krismasi ya Nakuru?

*Shangazi Pamela, 20:07:* Mama Tevin tusianze hayo

*Mama Tevin, 20:09:* Sianzi, namaliza. Watu watatu walikuwa wanamwambia Babu mambo matatu tofauti kwa wakati mmoja, na Achi alienda jikoni kutoa njugu maganda na mamangu mpaka filamu ikaisha. Na ile projekta mpaka leo sijaiona

*Anko Jared:* 🎤 ujumbe wa sauti 1:52

*Brayo, 20:15:* 😂😂😂😂😂😂😂😂😂😂 Anko ati Babu aletewe spika kubwa

*Mwalimu Ouma, 20:19:* Jared, Babu masikio yake ni mazima kuliko yako. Shida si sauti kuwa ndogo. Nikisema maelezo ya sauti namaanisha kuna mtu amerekodiwa studio, anasema kinachoonekana pale ambapo waigizaji wamenyamaza. "Anafungua barua. Anaikunja. Anaitia kwa moto." Bila hiyo Babu anasikia karatasi tu na baadaye hajui kwa nini mke analia. Na tafadhali andika, Achi yuko kwa hii grupu na hawezi kusikia hiyo dakika mbili zako

*Shangazi Pamela, 20:21:* Na Brayo wacha kutuma emoji kumi, simu ya Baba inamsomea moja moja. Nilikuwa hapo juzi, inasema uso unaocheka uso unaocheka mpaka anazima

*Anko Jared, 20:40:* Pole Achi. Nilisema mimi pia sikio la kushoto limeanza kuniangusha nikae upande gani

*Mwalimu Ouma, 20:52:* Wewe utasoma maandishi pamoja na Achi, na utashangaa vile unakosanga mengi.

Sikieni, nimejaribu hii kitu na wanafunzi wangu mara nyingi. Fleshi ya Brayo tuiache. Filamu za kunakiliwa mtaani karibu zote zina sauti moja tu. Brayo ifungue na VLC, bonyeza Audio halafu Audio Track, ukiona moja tu basi maelezo hayako na huwezi kuyatoa popote. Na hata kwa Achi hizo sabtaito ni nusu. Zimeandikwa na mtu aliyedhani msomaji anasikia, anahitaji tu lugha. Kwa hivyo simu ikilia hakuna neno, mtu akiita kutoka nje hakuna neno, Achi anaona tu watu wamegeuza vichwa. Zenye anahitaji ni zile za CC, zinaandika mlango unabishwa, zinaandika ni nani anaongea kama hayuko kwa picha.

Pamela wewe uko na Netflix kwa tivi. Wao walianza kuweka maelezo ya sauti 2015. Sio kila filamu inayo. Fungua filamu, simamisha, nenda penye wameandika Audio & Subtitles. Upande wa sauti tafuta `English - Audio Description`, upande wa maandishi ile ya CC. Kama zote mbili ziko, hiyo ndiyo filamu ya Jumamosi, hata kama si ya Kikorea

*Brayo, 20:58:* lakini mwalimu hiyo sauti inaongea juu ya filamu si itatuboesha sisi wengine? Babu aiweke kwa simu yake na iafoni sisi tukule ya kawaida kwa tivi

*Mwalimu Ouma, 21:06:* Inawezekana na kuna wenye hupenda hivyo. Iafoni iwe ya waya, sikio moja tu, ndio abaki anawasikia. Ile isiyo na waya huchelewesha sauti kidogo. Shida ni kwenda pamoja. Mkibonyeza pleyi tofauti ya sekunde mbili tu, Babu ataanza kucheka kabla yenu ama baada yenu. Na mtu akisimamisha tivi aende choo lazima simu pia isimamishwe, halafu muanze kutafuta mlipofika. Na ni bando mara mbili. Mimi kwa maoni yangu itoke kwa tivi, wote wasikie

*Brayo, 21:08:* ama nimwelezee tu mwenyewe, nitafanya vizuri saa hii

*Mwalimu Ouma, 21:15:* Basi uiangalie filamu yote kwanza Ijumaa, uandike vidokezo. Unaongea tu wakati hawaongei. Usimwambie "ameshtuka", mwambie "ameangusha funguo, anarudi nyuma", kushtuka atajua mwenyewe. Na usitaje muuaji jina kabla filamu haijamtaja. Jaribu dakika tano ukiwa peke yako uone kama utapumua

*Mama Tevin, 21:17:* Brayo hawezi kunyamaza hata kanisani 😂

*Brayo, 21:17:* Mama Tevin nimekuwa mtu mzima

*Mama Tevin, 21:18:* harusi ya Otis bado tuna video

*Shangazi Pamela, 21:20:* TURUDI KWA MAMBO. Chapati nani

*ALHAMISI*

*Achi, 06:31:* Nimesoma yote sasa. Asante mwalimu. Mimi naomba vitu viwili. Msizime taa zote, mkizima taa sioni mikono ya mtu akiniongelesha kwa ishara. Na mkicheka kitu mmesema wenyewe hapo sebuleni, simamisheni filamu mniambie, kwa sababu hiyo haiandikwi kwa CC. Msiniambie "nitakuambia baadaye". Hamkuwahi kuniambia

*Babu:* 🎤 ujumbe wa sauti 0:38

*Shangazi Pamela, 07:10:* Achi nakuandikia vile Baba amesema, neno kwa neno: "Krismasi ile mlicheka sana na mimi nikacheka na nyinyi, sikujua tunacheka nini. Mtoto wangu Achi alikuwa jikoni na hakuna mtu aliniambia, ningetoka nikae na yeye. Kama ile sauti ya maelezo inawasumbua, filamu iachwe tupige hadithi, na Ouma atufasirie kwa mikono. Sitacheka tena bila kujua."

*Mama Tevin, 07:26:* Baba pole

*Brayo, 07:41:* Babu nisamehe. iwekwe kwa tivi wote tusikie, mi sina shida

*Anko Jared, 08:15:* Pole Mzee. Projekta iko kwangu, taa yake imeungua ndio maana nimenyamaza

*Mama Tevin, 08:16:* MIAKA MIWILI Jared

*Mwalimu Ouma, 12:44:* Kwa hiyo taa ya nyuma iwake, Achi akae upande wa tivi penye mimi pia naonekana. Pamela umepata filamu yenye zote mbili?

*Shangazi Pamela, 13:30:* Nimefungua nne. Mbili ziko na CC lakini maelezo hayako. Moja iko na zote ila ni ya vita, Baba hapendi risasi. Ya nne waifai imekatika. Nitajaribu tena jioni, na sijaambiwa bado chapati ni nani

*Mama Otis, 16:05:* Habari zenu, nimeona leo tu. Ni Jumamosi hii ama ile ingine?