Naomba ushauri: namba ya kuthibitisha malipo ya kadi haifiki kwenye simu

Ndugu wanajamvi, ninapolipa kwa kadi mtandaoni, ukurasa wa benki hufunguka ukionyesha tarakimu za mwisho za simu yangu, ambazo ni sahihi, lakini ujumbe wenye namba ya kuthibitisha hauingii, hadi muda unakwisha na malipo yanakataliwa. Taarifa za kutoa fedha kwenye mashine ya benki hufika papo hapo kwenye laini hiyohiyo, kwa hiyo sidhani kwamba tatizo ni mtandao. Nashuku kwamba namba hizo hutumwa kwa jina jingine la mtumaji, ambalo huenda limezuiwa pamoja na ujumbe wa matangazo. Je, kizuizi cha namna hiyo huondolewa na kampuni ya simu au na benki, na je, naweza kuomba kuthibitisha malipo kupitia programu ya benki badala ya ujumbe?