Kifaransa: -tion nimeizoea, -ment inanichanganya. Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Niko Nairobi, najiandaa kwa mtihani wa DELF B1, na kwenye kusoma muda haunitoshi. Kwa hiyo nakisia maana kwa maneno yanayofanana na Kiingereza. Ya -tion yananibeba vizuri: situation, solution. Tena karibu yote ni ya jinsia ya kike (bastion ni mojawapo ya yale makaidi), basi la au une hainisumbui.

Shida ni -ment. Gouvernement ni nomino, lakini rapidement ni kielezi, kazi ambayo Kiingereza huipa -ly. Kwa sasa natazama kinachotangulia: nikiona le, un au du, naichukua kama nomino. Mfano, "Le logement est actuellement occupé": logement ni makazi, actuellement ni kielezi. Hapo sawa. Ila maana yake ni "kwa sasa", wala si actually ya Kiingereza! Vilevile location ni ukodishaji, na formation mara nyingi ni mafunzo. Sarufi hainiokoi hapo.

Mliopitia njia hii, maneno haya ya kulaghai mliyakariri tu, au kuna dalili kwenye sentensi mnayoitazama kwanza?