Rejeta za nyumbani, juu moto chini baridi: kuzifua, kupiga mashine au chujio la sumaku?

Mwana_Mikindani
Wakuu, mimi niko huku Mtwara najipepea, ila dada yangu yuko Leeds anaganda. Ana rejeta 9 za ukutani. Tatu za vyumba vya chini ukizishika juu zinaunguza, chini katikati ni baridi kabisa. Fundi mmoja anataka pauni 600 apige mashine ya kusukuma maji. Mwingine anasema chujio la sumaku tu linatosha. Ashike lipi?

Tandiboi_Masasi
Fuso yetu ilifanya hivyo pale Ndanda. Toa thamostati, gari litembee.

Mwana_Mikindani
Kaka, ya nyumba! Dude la chuma la kupashia chumba joto.

Binti_Nyangao
Hiyo hewa. Nilisoma Uswidi mwaka mmoja, kuna kifunguo kidogo, unafungua pale juu pembeni mpaka maji yatoke.

Fundi_Msangamkuu
Dada, kifunguo ni cha rejeta iliyo baridi juu, maana hewa hupanda. Baridi ya chini ni tope. Maji yamekula chuma, unga mweusi umezama. Nimefanya kazi ya bomba Glasgow miaka 9, niliwahi kuumwaga kwenye zulia la mwenye nyumba, na doa lile halitoki. Achote maji yake kwenye glasi, apitishe sumaku kwa nje. Unga ukiifuata, ndio wenyewe.

Chujio hukaa kwenye bomba la kurudi, kabla ya boila, na hukamata kinachotembea. Tope lililolala halitembei. Boila itapona, rejeta zitabaki vilevile.

Kwa 3 kati ya 9 ningezifua moja moja. Boila izimwe, ipoe. Afunge valvu zote mbili, na ile yenye kofia ahesabu imezunguka mara ngapi, aandike, airudishe hivyohivyo. Hiyo ndiyo inayogawa maji kati ya rejeta. Amwage, aing'oe, aipeleke uani, aingize mpira wa maji mdomo mmoja huku akiigonga kwa nyundo ya mpira, hadi mdomo wa pili utoe maji safi. Ndipo chujio, na dawa ya kuzuia kutu iwe ya mwisho. Nyumba ya kawaida chupa ya lita 1 hutosha, ila asome lebo.

Mwana_Mikindani
Mashine je?

Fundi_Msangamkuu
Kama zote 9 zingekuwa hivyo, sawa. Ila mfumo mzee una vitundu vilivyozibwa na kutu yenyewe, ukisukuma, vinafunguka. Kwanza niambie, boila anaiongeza maji mara ngapi?

Mwana_Mikindani
Nimempigia. Karibu kila wiki, mshale wa presha unashuka.

Fundi_Msangamkuu
Aa! Basi asinunue kitu. Maji mapya yanakuja na oksijeni, kutu inaanza upya, na dawa inazimuliwa. Atafute kwanza yanapotokea.

Binti_Nyangao
Mimi bado ningeanza na kifunguo, ni bure.

Tandiboi_Masasi
Kumbe ndiyo maana rejeta yetu inatoa maji ya kahawia. Tunatia ya kisima.

Mwana_Mikindani
Fundi, anasema nyuma ya nyumba kuna bomba la shaba limetokeza ukutani, usawa wa boila, linadondosha tone tone. Ni hilo?