Nimelipa fundi wa rangi, amenirudishia mama mwenye uso wa jivu

Taa_ya_Umoja

Wanajamvi, hili limenikaba tangu Ijumaa na leo nalitema. Nina tamthilia ndogo ya vipindi 6, pesa za mfukoni na michango ya marafiki. Kipindi cha kwanza nilikipeleka kwa fundi wa rangi za video hapa Nairobi, jina silitaji. Nikamtumia 30,000 kwa M-Pesa, zimebaki 25,000 akimaliza.

Sini inayoniuma ni ya 14. Saa nane za usiku, chumba cha kupanga Umoja, mama yuko mezani anapokea simu kuhusu mwanawe. Chumba ni vile mnavyovijua: ukuta juu krimu, chini bluu ya rangi ya mafuta, leso juu ya sofaseti, mandazi yaliyobaki kwenye bakuli. Hapo tulitaka ubaridi. Sini ya 13 inayotangulia ni kumbukumbu, mwana akiwa mdogo, chumba hichohicho jioni. Hapo tulitaka joto.

Nilichoona kwenye toleo la kwanza: mama ni maiti. Si mama mwenye huzuni, ni maiti. Mwigizaji wangu ni mweusi hasa, na ngozi yake ina wekundu fulani kwa ndani ambao ndio ulionifanya nimchague. Sasa amekuwa kama jivu la makaa lililomwagiwa maji. Nikalalamika. Siku mbili baadaye likaja toleo la pili: chumba bado bluu, lakini uso umekuwa wa machungwa, kama umekatwa kwa makasi ukabandikwa. Kila akisogea, ukuta nyuma yake unapepesa vidoa vya machungwa. Na mandazi yanawaka kuliko mama mwenyewe!

Sini ya 13 ndiyo usiseme. Amemwaga chai ya tangawizi juu ya kila kitu. Huoni mama ameishia wapi na ukuta umeanzia wapi.

Nikimuuliza anasema "hiyo ndiyo mudi, dada." Mudi gani inamfuta mtu? Niambieni kama ni mimi sijui, au nimeliwa.

Mkata_Klipu

Pole bro. Hiyo ni kazi ndogo. Kwenye DaVinci Resolve fungua vektaskopu, kile kipimo cha duara cha rangi, washa mstari wa ngozi. Ngozi zote duniani, Mturkana, Mhindi, Mzungu, zinaangukia karibu na mstari huo. Shika uso kwa Qualifier, ile inayochagua sehemu kwa rangi yake, uvute mpaka ukae juu ya mstari, basi. Dakika tano. Jamaa amekula pesa zako bure.

Taa_ya_Umoja

Mimi ni dada, si bro. Na naona hilo ndilo alilofanya kwenye toleo la pili.

MzeeWaSkopu

Ndilo hilo, dada. Mkata_Klipu yuko sawa kwamba mstari upo na ngozi zote huwa karibu nao. Lakini mstari unakuonyesha ngozi ilivyo kwenye mwanga mweupe wa kawaida. Ukimvuta mama juu yake wakati chumba kizima ni cha saa nane usiku, umemrudisha mchana peke yake. Ndiyo maana anaonekana amebandikwa.

Tuanze na jivu, maana kosa la kwanza ndilo lililozaa la pili. Ngozi ya mtu, nyeusi au nyeupe, ukiitazama kama rangi tupu ni chungwa lililotiwa giza. Bluu iko ng'ambo ya pili ya duara. Ukishika Offset ukaisukuma picha nzima kwenda bluu, ngozi haiendi bluu moja kwa moja. Inaliwa chungwa lake kwanza, na kinachobaki ni kijivu. Kwenye vektaskopu utaliona lile wingu dogo la uso likirudi katikati, na likifika katikati ndiyo jivu lako. Uso wenye giza wingu lake ni fupi tangu mwanzo, kwa hiyo msukumo uleule unaomwacha mtu mweupe amepauka kidogo, mama unammaliza kabisa.

Kabla sijaendelea: mlishuti na nini, na taa zilikuwaje?

Taa_ya_Umoja

Sony, S-Log3, biti 10, 4:2:2. Dirishani taa ya LED ya Kelvin 5600, kamera tukaiweka 4300. Mlangoni kibalbu hafifu cha 3200, kana kwamba ni taa ya korido ya ploti. Basi.

HarusiZaWikendi

Mimi haya nayaona kila Jumamosi. Bibi harusi amepakwa fandesheni imemzidi weupe, shingo imebaki yake. Nikishika ngozi, Qualifier inachukua uso inaacha shingo, nikiongeza inachukua shingo na keki. Nimewahi kumgeuza mama mkwe rangi ya keki, nikapigiwa simu na ukoo mzima. Kuna programu ya simu inayotatua hili?

MzeeWaSkopu

Harusi, yako ni ya kwenda kwa mpambaji, si kwa fundi wa rangi. Lakini keki yako na mandazi ya dada ni ugonjwa mmoja. Krimu ya ukuta, mandazi, mbao na ngozi vyote ni chungwa la viwango tofauti. Qualifier haijui uso ni nini, inajua rangi tu.

Dada, habari njema ni kwamba rangi zote mbili mlishazipiga kwenye seti. Kwa kamera kukaa 4300, kati ya taa zenu mbili, dirisha limekuja na ubaridi wake, na mlango una joto lake. Fundi hakuhitaji kumwaga ndoo. Na kwa biti 10, ukishika ngozi haitakatikakatika vipande kama ingekuwa 8.

Ningeifanya hivi, kwa nodi, yaani hatua moja moja za rangi. Nodi ya kwanza ni Color Space Transform, kutoa S-Log3 ya kamera iliyopauka kwenda Rec.709, rangi za kawaida za skrini. Ya pili ni kusawazisha tu, mama awe mama, bila mudi yoyote. Hapo ndipo unapoangalia mstari wa ngozi, na hapo tu. Baada ya hapo njia inagawanyika. Tawi la juu ni la mudi: bluu iingie kwenye vivuli na ukutani, usiguse sana mwanga. Tawi la chini ni la ngozi, na linakula kutoka nodi ya kusawazisha, si kutoka kwenye bluu. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukiishika ngozi baada ya kuipaka bluu, unashika kijivu, na kijivu kiko kila mahali chumbani. Matawi yakutane kwenye Layer Mixer, ambapo la chini ndilo linalofunika la juu.

Bonyeza Shift+H uone ulichoshika. Ukuta ukiwa umo, usihangaike na Qualifier peke yake. Chora Window ya duara usoni, iache ilegee pembeni, kisha washa Track ili ifuate uso. Mandazi yatabaki nje yenyewe.

Sasa kipimo. Nenda Key, punguza Key Output Gain hadi kama 0.6. Maana yake uso unarudi nusu na kidogo, kinachobaki ni usiku. Wingu la uso kwenye vektaskopu liwe fupi kuliko mchana, lielekee upande wa mstari bila kuukalia. Hivyo ndivyo mtu anavyoonekana kwenye chumba chenye baridi.

Na jambo moja la ngozi zetu ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayaligusi. Kwenye uso mweusi, mwanga wa dirisha unakaa juu kama mng'ao, kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu, puani. Mng'ao huo ni rangi ya taa, si rangi ya ngozi. Uache uwe bluu! Kwenye Qualifier shusha ukomo wa juu wa Luminance hadi mng'ao utoke kwenye kilichoshikwa. Ukiupaka joto na wenyewe, uso unakuwa wa plastiki, na ndiyo ile sura ya makasi unayoilalamikia.

Nodi_Ishirini

Nimesoma kimya, lakini wacha niseme upande wa mafundi. Mtayarishaji anakuletea dakika 48, anataka Jumatatu, anakutumia picha ya skrini kutoka tamthilia ya nje ambapo kila mwigizaji ni mweupe, anasema "nataka bluu kama hii." Unafanya alichosema, kisha unafunguliwa uzi. Dada, ulimpa rejeo gani?

Taa_ya_Umoja

Nilimpa picha ya skrini. Ndiyo, ya nje. Na nilisema bluu. Sikusema maiti.

Nodi_Ishirini

Haya basi. Sijasema alifanya vizuri. Toleo la pili ni uvivu, Window na Track zingemchukua robo saa kwa shoti. Lakini uso wa mwigizaji wako ungejaribiwa kabla ya kazi nzima. Klipu moja, mudi tatu, unachagua. Mimi siku hizi sigusi kipindi bila hiyo.

Taa_ya_Umoja

Na sini ya 13? Huko hakuna jivu, kuna supu.

MzeeWaSkopu

Joto lina hila yake. Baridi inapigana na ngozi, joto linaifuata. Ngozi ni ya joto tayari, kwa hiyo ukichoma kila kitu kwa chungwa, uso unakosa jirani wa kutofautiana naye. Mimi ningeusogeza ukuta kuelekea manjano kwa Hue Vs Hue na kuacha ngozi kwenye wekundu wake. Na ile bluu ya chini ya ukuta usiiguse. Ikibaki bluu, jicho linapata mahali pa kupimia, na joto la jioni linaonekana kuwa joto.

Nodi_Ishirini

Kwa ukuta sikubaliani, mzee. Krimu na ngozi ziko karibu mno, ukisogeza moja kwenye hiyo Hue Vs Hue utaikokota na nyingine. Mimi ningeacha rangi ya ukuta na kushusha mwanga wake, uso ubaki ndio unaong'aa.

MzeeWaSkopu

Ukuta ukiwa gizani jioni inakuwa usiku, na usiku uko sini ya 14. Ajaribu zote mbili aone.

Mkata_Klipu

Kwa hiyo mstari hautumiki?

MzeeWaSkopu

Unatumika, kijana. Kwenye nodi ya pili.

Taa_ya_Umoja

Nimekesha. Sijui Resolve vizuri, lakini nimefuata maelezo kwenye shoti tatu za sini ya 14. Shoti ya kwanza nimeganda kuitazama. Paji la uso lina mstari wa bluu kutoka dirishani, shavu upande wa mlango lina udongo wake, na mandazi yametulia kwenye bakuli. 0.6 ilikuwa nyingi kwangu, nimekaa 0.45. Ya pili ni nzuri vilevile. Ya tatu, akiinama kuokota simu chini ya meza, Window inateleza na kubaki kwenye sofaseti, leso inawaka.

Zile 25,000 sijazituma. Nimempigia fundi, nikamwambia picha ya skrini ilikuwa kosa langu, lakini makasi ni yake. Amesema atarudi kesho na kompyuta yake tukae pamoja. Sijui nimwamini.

MzeeWaSkopu

Shoti ya tatu, zima Track pale uso unapofichwa na meza. Weka fremu funguo kwa mkono: moja kabla hajainama, moja uso ukiwa chini, moja akiinuka. Akiwa nyuma ya meza kabisa, shusha Key Output Gain hadi 0 ili Window isiwe na kitu cha kupaka.

HarusiZaWikendi

Na ile programu ya simu?