Naomba ushauri: ukuta mpya wa bloku unatoa chumvi, nipake rangi au nisubiri?

Wakuu, habari zenu. Nyumba iko Kigamboni, tofali za inchi 6, lipu ina wiki 5. Unga mweupe umejitokeza ndani: kutoka sakafuni hadi futi 2 ni mwingi, juu ya hapo ni madoa tu.

Ninavyoelewa, maji yaliyomo ukutani huyeyusha chumvi ya simenti na mchanga, yakifika usoni yanakauka na kuiacha. Rangi ikiwekwa juu yake itavimba na kubanduka, kwa hiyo fundi wa rangi nimemsimamisha kwanza.

Nimesugua kwa brashi ngumu, kavukavu, unga nikauzoa. Sikuosha, maana maji huirudisha chumvi ndani. Baada ya siku 10 juu hapakurudi kitu, chini umerudi vilevile. Nikabandika kipande cha nailoni futi 1 kwa 1 juu na kingine chini, kingo zote zimezibwa kwa selotepu. Baada ya siku 2 cha chini kilikuwa na matone upande wa ukutani, cha juu kikavu.

Msingi una nailoni ya kuzuia unyevu, ila lipu ya nje imeshuka hadi kugusa udongo. Nahisi maji yanapandia hapo.

Je, nikikata lipu ya nje ibaki inchi 6 juu ya udongo itatosha, au hata ya ndani ing'olewe? Na juu palipokauka, nianze praima ya kuhimili alkali, au nisubiri ukuta mzima?