Glopu zimeandikwa 18W lakini darasa giza, tazameni picha

BintiWete
Assalamu alaykum wanajukwaa. Tumenunua katoni ya glopu za LED kwa ajili ya madrasa yetu hapa Wete. Zimeandikwa 18W, lakini mwanga wake haufikii zile kongwe zetu za 9W. Moja imeshakufa, na mwenye duka anasema ni umeme wa Pemba, unapanda na kushuka. Picha ya kwanza ni kitako, pameandikwa `18W AC220-240V 50/60Hz 45mA` na wino unafutika kwa kidole. Ya pili na ya tatu ni ile iliyokufa nikiwa nimeifungua. Ni feki? Na nina hoja ya kumrudishia?

KijanaMichenzani
Feki hiyo dada, usiulize mara mbili. Za asili maandishi huchomwa kwa leza, hayafutiki. Na nyingine ukizifungua hukuti draiva kabisa, nyaya mbili tu. Hizo ndizo feki za mwisho.

FundiChake
Kaka, umepatia nusu. Wino unaofutika unatia shaka, ila kuna viwanda halali vinavyochapa kwa wino, na kuna feki zenye leza safi. Kuhusu draiva, siku hizi glopu nyingi nzuri zina IC juu ya sahani ileile ya LED, kwa hiyo nyaya mbili peke yake hazithibitishi kitu.

Dada, tazama hiyo 45mA. Zidisha volti 240 kwa ampia 0.045, unapata 10.8. Glopu inayovuta mkondo huo haifiki wati 18 kwa njia yoyote. Kwa volti 230, wati 18 zinataka angalau 78mA, na nyingi huandikwa zaidi ya mia. Kitako chenyewe kinajikanusha.

Picha ya tatu ndiyo nzito zaidi. Kile kipande chekundu kama peremende kimeandikwa `105J400V`, ni kapasita ya maikrofaradi 1. Pembeni naona diodi nne, resista na kapasita ya silinda. Hamna koili, hamna IC, hamna fyuzi. Yaani umeme unabanwa na hiyo kapasita nyekundu peke yake, na kwa umeme wetu wa 50Hz haiwezi kuzifikishia LED zaidi ya wati 5 na kitu, ziungwe vyovyote vile. Ndiyo maana zile za 9W zinaishinda.

Mwenye duka hakukosea kila kitu. Bodi ya aina hii haina cha kushikilia mkondo, volti zikipanda na mkondo unapanda, umeme ukiruka unafika moja kwa moja kwenye LED. Draiva ya kweli hutengenezwa ihimili hayo. Na tafadhali usiiwashe ikiwa wazi, sahani ile ina umeme wa ukutani.

MamaMkoani
Na yangu mimi inamulika kidogo hata nikizima swichi. Ndiyo feki hizo hizo?

FundiChake
Hapana mama, hilo aghlabu ni la waya. Swichi inakata nyutro badala ya laini, au ni swichi yenye kitaa chake. Mwite fundi aitazame.

MpembaDarajani
Labda 18W maana yake "mwanga sawa na"?

FundiChake
Hayo huandikwa kwenye boksi. Kitakoni hukaa wati inazovuta. Tena "sawa na wati 18" ya glopu ya kizamani ni mwanga wa kibatari, nani atauuza huo?

Dada, kabla hujaenda dukani pima kwa mita ya TUKUZA. Soma kama imeandikwa `1000 imp/kWh`, zima kila kitu, washa glopu nne, kisha pima muda kati ya mweko na mweko wa kile kitaa chekundu. Zikiwa za 18W kweli, ni sekunde 50. Zikiwa za wati 5, ni kama dakika tatu.

BintiWete
Mita yetu ni hiyo ya 1000. Nimepata sekunde 170.

FundiChake
3600 gawa kwa 170 ni wati 21 kwa zote nne. Kila moja ina 5 na kidogo.

KijanaMichenzani
Mpeleke ZBS huyo!

BintiWete
Kwanza nimemwendea kwa upole, nikamwonyesha video ya mita. Anasema na yeye kauziwa hivyohivyo. Amekubali kunibadilishia kwa aina nyingine, kitakoni 18W na 85mA. Nizichukue?

FundiChake
Kama jina la kampuni kwenye zile glopu za mwanzo liliigizwa au kiwanda chenyewe ndicho kinachodanganya, picha haziniambii. Hiyo ya 85mA hesabu yake inakubali, 240 mara 0.085 ni 20.4, ila namba huchapwa na yeyote. Mwombe nne kwanza, zipime kwa mita ileile, na katoni ya zamani usimwachie mpaka umeona sekunde.