Naomba ushauri: kuchagua mfululizo wa kulinganisha pale vipeuo vinapofutana

Habari wakuu. Kwenye jaribio la ulinganisho wa kikomo, √(n²+3)/(n³+1) hainisumbui: nabakiza vipeo vikubwa, n/n³, nalinganisha na 1/n², uwiano unakwenda 1, jumla ina kikomo.

Shida ni (√(n+1) − √n)/n, maana juu sehemu kubwa zinafutana. Nikizidisha juu na chini kwa √(n+1) + √n, napata 1/(n(√(n+1) + √n)). Hapo 1/n^(3/2) inajitokeza, uwiano ni 1/2, jumla ina kikomo.

Sasa √(n²+1) − ∛(n³+1): vipeuo ni vya aina mbili, njia hiyo haiingii moja kwa moja. Nahisi inakaribia 1/(2n), hivyo jumla haina kikomo. Mnaithibitishaje? Je, nikitoa n kwenye kila kipeuo kwanza, kisha nishughulikie kila tofauti peke yake, inatosha?